Pembe ya Kabini, Kasi ya Gatini

Dereva wa kreni inayoshusha makontena melini hakai gatini. Kabini yake imefungwa kwenye kigari kinachokimbia juu ya reli, kwenye mkono wa chuma unaotoka nchi kavu na kupita juu ya meli hadi ubavu wake wa pili. Kigari kikienda, naye anaenda. Huinama akatazama chini kupitia kioo cha sakafuni, na kontena lake analiona likining'inia mita 20 chini ya miguu yake. Kazi hii hufanyika mchana na usiku katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kero yake kubwa ni ileile kila mahali: kigari kikianza kwenda, mzigo hubaki nyuma, kikisimama, mzigo hutangulia. Na kontena la tani 30 linalobembea haliwekwi juu ya lori mpaka litulie.

Wanafunzi wa fizikia na uhandisi hulikuta tatizo hili chuoni likiwa limevuliwa vyuma vyote: kigari kwenye reli iliyonyooka, kamba isiyorefuka, kitu kizito mwishoni mwa kamba. Wanaliita pendulamu juu ya kigari. Swali ni la mwendo: nikikisukuma kigari kwa kani fulani, kigari kitaendaje na mzigo utabembeaje? Jibu ni milinganyo miwili, na kuna njia mbili za kuifikia.

Njia ya kwanza ni ya Newton. Unachora kigari peke yake na mzigo peke yake, kisha unaweka mshale kwa kila kani inayovigusa: uzito, msukumo wa mota, reli inayobeba kigari, na mkazo wa kamba. Hakuna kosa lolote katika njia hiyo. Shida ni ule mkazo wa kamba. Hakuna aliyekuuliza ni kiasi gani, nao hubadilika kila nukta ya sekunde kadiri mzigo unavyobembea, lakini umejiingiza katika kila mlinganyo. Unaubeba kurasa mbili nzima, kisha unatumia ukurasa wa tatu kuutoa.

Njia ya pili ilipata umbo lake kamili mwaka 1788 katika kitabu cha mekanika cha Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin aliyekuwa akiishi Paris. Katika utangulizi alimweleza msomaji wazi kwamba humo hatakuta mchoro hata mmoja. Hazikuwa mbwembwe. Mishale inahitaji mchoro kwa sababu kila mshale una upande wake. Nishati haina upande, ni namba tu. Lagrange aligundua kwamba ukijua nishati ya mfumo mzima kwa kila mkao na kila kasi, milinganyo ya mwendo unaitoa kwa hesabu pekee, na mkazo wa kamba hautauona kabisa.

Kwa nini mkazo unatoweka? Vitabu vingi hujibu kwamba kamba haifanyi kazi yoyote, na jibu hilo ni la nusu. Mzigo ukiwa nyuma ya kigari, kamba inakivuta kigari kurudi nyuma, kwa hiyo inakinyang'anya nishati. Wakati huohuo inauvuta mzigo mbele, kwa hiyo unaupa nishati. Kila upande ukiutazama peke yake, kamba inafanya kazi kubwa. Lakini kwa kuwa kamba hairefuki, kinachotoka upande mmoja ni sawasawa na kinachoingia upande wa pili. Ni jumla ya pande mbili iliyo sifuri, na Lagrange huhesabu jumla.

Namba mbili zinatosha

Hatua ya kwanza ni kuamua tutaueleza mkao wa mfumo kwa namba zipi. Katika bapa moja, kigari kina namba mbili, ya mbele na nyuma na ya juu na chini, mzigo vilevile. Hizo ni nne. Lakini kigari hakiachi reli, basi namba moja inaondoka. Mzigo hauachi kamba, na urefu wa kamba haubadiliki, basi nyingine inaondoka. Zinabaki mbili, na mfumo huu una namna mbili tu za kusogea.

Namba hizo ndizo huitwa majiranukta ya jumla. Neno "jumla" linaturuhusu tusizing'ang'anie mita peke yake: namba yoyote inafaa, iwe umbali, pembe au kitu kingine, mradi zote kwa pamoja zitueleze mkao kamili na kila moja iweze kubadilika bila kuilazimisha nyenzake. Tungeweza kuchagua umbali wa kigari kutoka gatini na umbali wa mzigo kutoka gatini. Ni halali, ila kimo cha mzigo kingegeuka kipeuo cha pili chenye tofauti ya miraba ndani yake, na hesabu zote zinazofuata zingechafuka.

Chaguo zuri ni lile analoliona dereva. Yeye anajua kigari kimefika wapi kwenye reli. Umbali huo tuuite x. Na akitazama chini anaona kamba imeinama kiasi gani kutoka wima. Pembe hiyo tuiite θ, iwe chanya mzigo unapokuwa mbele na hasi unapokuwa nyuma. Kamba imefuata masharti yake yenyewe ndani ya chaguo hilo: ukitaja θ, mzigo uko kwenye urefu wa kamba bila kulazimishwa na mlinganyo wa ziada.

Kwa herufi nyingine: tungamo la kigari ni M, la mzigo ni m, urefu wa kamba ni r, na g ni mchapuko wa vitu vinavyoanguka, 9.81 kwa mita na sekunde. Kasi ya kigari ni v na mchapuko wake ni a. Kasi ya kubadilika kwa pembe ni ω, na kiasi ambacho ω yenyewe inabadilika ni α.

Kasi ihesabiwe kutoka ardhini

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Tumechagua pembe inayoonekana kutoka kabini, lakini nishati ya mwendo haihesabiwi kutoka kabini. Inahesabiwa kutoka gatini, mahali pasiposogea. Kwa dereva, mzigo una kasi moja tu, rω, ya kuzunguka kwenye duara la kamba. Kwa mtu aliyesimama gatini, mzigo una kasi hiyo pamoja na kasi ya kigari.

Njia salama ni kuandika kwanza mahali ulipo mzigo, kisha kuuliza pananabadilika kwa kasi gani. Mzigo uko mbele kwa x + r sinθ, na uko chini ya reli kwa r cosθ. Kwa hiyo kasi yake ya mbele ni v + rω cosθ, na kasi yake ya juu ni rω sinθ. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kumbuka kwamba sin² na cos² za pembe moja zikijumlishwa ni 1, kisha ongeza nishati ya kigari. Nishati ya mwendo ya mfumo mzima ni:

K = ½(M + m)v² + ½mr²ω² + mrvω cosθ

Kipande cha kwanza ni kigari na mzigo vikienda pamoja. Cha pili ni mzigo ukibembea. Cha tatu kina v na ω ndani yake kwa pamoja, na ndicho kiungo kati ya kigari na pendulamu. Mwanafunzi mwenye haraka husema kigari kina kasi v, mzigo una v na rω, basi nijumlishe miraba yao, na kipande cha tatu hakimjii kamwe. Kosa hilo halijifichi. Endelea nalo hadi mwisho na milinganyo itakuambia kwamba kigari kinaweza kuondoka kwa nguvu yoyote na mzigo usitikisike. Ukipata kreni ya namna hiyo, rudi kwenye kipande cha tatu.

Nishati ya kimo ni rahisi. Mzigo uko r cosθ chini ya reli, basi:

P = −mgr cosθ

Alama ya hasi inasema tu kwamba tunapima kimo kutoka kwenye reli, na mzigo uko chini yake.

Kwa nini kutoa na si kujumlisha

Mtu aliyezoea kanuni ya kuhifadhiwa kwa nishati angejumlisha K na P na kusema jumla haibadiliki. Ni kweli kama hakuna anayesukuma, lakini huo ni mlinganyo mmoja na sisi tuna namba mbili zinazosogea. Hautoshi. Lagrange anachukua tofauti, L = K − P, na kwa kila namba ya mkao anafanya hivi: tazama L inabadilika kiasi gani ukigusa kasi ya namba hiyo peke yake; kiasi hicho huitwa momenta yake. Tafuta momenta hiyo inabadilika kwa kasi gani wakati ukienda. Toa kiasi ambacho L inabadilika ukigusa namba yenyewe bila kugusa kasi. Kinachobaki ni sawa na kani ya nje inayoisukuma namba hiyo.

Ijaribu kwa jiwe linaloanguka kabla ya kuiamini kwenye kreni. Namba ya mkao ni kimo h. L ni ½mv² − mgh. Momenta ni mv, nayo hubadilika kwa ma. Ukigusa h peke yake, L hubadilika kwa −mg. Toa: ma + mg = 0, yaani jiwe linachapuka kwenda chini kwa g. Kama ungejumlisha K na P badala ya kutoa, kanuni hiyohiyo ingelipeleka jiwe juu angani.

Turudi kwenye kigari. Kwa namba x, momenta ni (M + m)v + mrω cosθ. Umbali x wenyewe haumo popote ndani ya L, na hilo lina maana ya kimwili: reli ni ileile hapa na mita kumi mbele. Kwa hiyo hakuna cha kutoa. Momenta ikibadilika, ω inabadilika na cosθ pia inabadilika, na tunapata mlinganyo wa kwanza, F ikiwa ni msukumo wa mota:

(M + m)a + mrα cosθ − mrω² sinθ = F

Kwa namba θ, momenta ni mr²ω + mrv cosθ. Inapobadilika inatoa vipande vitatu: mr²α, mra cosθ, na −mrvω sinθ. Ukigusa θ yenyewe ndani ya L unapata −mrvω sinθ na −mgr sinθ. Ukitoa, vile vipande viwili vyenye vω vinafutana. Gawanya kila kilichobaki kwa mr:

rα + a cosθ + g sinθ = 0

Kufutana kule kusipitwe harakaharaka. Anayesahau kwamba cosθ nayo inabadilika wakati ukienda atabaki na kipande chenye v ndani ya mlinganyo wa pendulamu. Hapo unajua umekosea bila kurudia hata mstari mmoja, kwa sababu v ni kasi ya kigari tu, si mchapuko wake. Kigari kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika kwenye reli nyofu hakiwezi kuifanya pendulamu ibembee tofauti na kigari kilichosimama. Galileo alilieleza jambo hilo mwaka 1632 kwa chumba kilichofungwa ndani ya meli: mambo yote humo huenda vilevile, meli ikiwa imesimama au ikisafiri bila mtikisiko. Mchapuko a una haki ya kuwemo kwenye mlinganyo wa mzigo. Kasi v haina.

Namba za kreni

Tuchukue kigari cha tani 10, mzigo wa tani 30 ukijumlisha fremu inayolishika kontena, na kamba ya mita 20. Mota za kisasa hukiongoza kigari kwa ukali, kiasi kwamba dereva akiagiza mchapuko fulani, kigari huutii hata mzigo ukivuta vipi. Katika hali hiyo a inajulikana, na mlinganyo wa pili peke yake unatosha kueleza mbembeo.

Utazame tena. Tungamo m halimo. Kontena tupu na kontena lililojaa, kwa kamba ya urefu mmoja na mchapuko mmoja, hubembea sawasawa. Kwa pembe ndogo sinθ ni karibu sawa na θ yenyewe na cosθ ni karibu 1, na mbembeo mmoja kamili huchukua 2π√(r/g), ambayo kwa mita 20 ni sekunde 9 kasoro kidogo.

Sasa dereva anaagiza mchapuko wa mita 0.4 kwa sekunde kwa sekunde, ghafla, mzigo ukiwa umetulia. Mahali ambapo mzigo ungeweza kutulia wakati wa mchapuko huo si tena wima. Ni pembe ambayo g sinθ inasawazisha a cosθ, yaani kama digrii 2.3 nyuma, sawa na sentimita 82 kwenye mwisho wa kamba. Lakini mzigo haufiki hapo ukasimama. Kama abiria wa daladala iliyoondoka kwa kishindo, unapita mahali pa kutulia, unafika mita 1.63 nyuma baada ya sekunde 4.5, halafu unarudi. Ikifika sekunde ya 9 uko wima tena chini ya kigari, na kwa nukta hiyo moja umetulia kabisa.

Hapo ndipo dereva mzoefu anapopata faida. Akikata mchapuko kwenye sekunde ya 9, kigari kina kasi ya mita 3.6 kwa sekunde na mzigo unakwenda nacho bila kubembea, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuubembeza. Akikata kwenye sekunde ya 4.5, mzigo uko kwenye mwisho wa mbembeo wake, mita 1.63 nyuma, na sasa mahali pake pa kutulia pamerudi wima. Utabembea mita 1.63 kila upande, safari nzima. Mchapuko uleule, na tofauti ya sekunde nne na nusu tu. Wakati wa kusimama hesabu ni ileile, imegeuzwa mbele nyuma.

Mlinganyo wa kwanza nao una habari yake, safari hii kwa mota. Ukiweka namba hizi ndani yake, nukta ya kwanza ya kuondoka mota inahitaji kilonyutoni 4 tu, kwa sababu mzigo bado hajaanza kwenda na kinachosukumwa ni kigari peke yake. Sekunde 4.5 baadaye, mzigo ukiwa nyuma kabisa na kamba ikivuta kwa nguvu zaidi, inahitaji 28. Mota inakabidhiwa kazi inayopanda mara saba ilhali mchapuko haujabadilika hata kidogo. Anayechagua mota kwa kuzidisha tani 40 kwa 0.4 atapata 16, ambayo ni wastani wa namba hizo mbili na si kilele.

Hali ya pili ni ya kigari kilichoachiwa huru, mota imezimwa, breki hazijashika na msuguano ni mdogo. Sasa F ni sifuri na a haijulikani tena. Milinganyo yote miwili lazima itatuliwe pamoja. Wa kwanza, kwa pembe ndogo, unasema a ni −mrα/(M + m). Iweke ndani ya wa pili na mbembeo unatoka kama wa kamba yenye urefu rM/(M + m). Kwa tani zetu, hiyo ni robo ya mita 20: mita 5. Mbembeo unachukua sekunde 4.5 badala ya 9.

Kamba haijakatwa, kwa nini basi ifanye kama ya mita 5? Kwa sababu hakuna anayesukuma kwa upande, kitovu cha uzito wa vitu vyote viwili hakina sababu ya kwenda mbele wala nyuma. Kiko kwenye kamba, mita 15 chini ya kigari na mita 5 juu ya mzigo, kwa kuwa mzigo ni mzito mara tatu. Kigari kinakwenda upande huu, mzigo upande ule, na kitovu hakitoki mahali pake. Mzigo unabembea kana kwamba umetundikwa hapo. Tena kigari, kwa kuwa ndicho chepesi, ndicho kinachosafiri zaidi. Mtu aliyekariri 2π√(r/g) shuleni akiipima kreni iliyoachiwa huru atakosea kwa mara mbili kamili, na fomula yake haitakuwa na lawama. Alisahau kuuliza nani amekishika kigari.

Hapo pana jaribio jingine la hesabu: ifanye M kuwa kubwa mno, na rM/(M + m) inarudi kuwa r, kama inavyopaswa, kwa sababu kigari kizito kupita kiasi ni sawa na kigari kilichofungwa.

Yasiyoandikwa na milinganyo

Lagrange haingizi msuguano wala upepo kwa hiari yake. Vinaingizwa upande wa kulia, kama kani za nje, na kila kimoja kigawiwe namba ya mkao inayokihusu. Upepo unaosukuma kontena mbele kwa kani W unaingia mara mbili. Sogeza x kidogo huku pembe ikikaa palepale, na upepo unafanya kazi W kwa kila mita: basi W inaongezwa kwenye F. Badilisha θ kidogo huku kigari kikikaa palepale, na mzigo unasogea mbele kwa r cosθ kwa kila radiani: basi mlinganyo wa θ, kabla ya kugawanywa kwa mr, unapata Wr cosθ upande wa kulia. Ukishagawanya, kinachobaki ni W cosθ/m, na tungamo limerudi. Kwenye upepo, kontena tupu na lililojaa hayabembei sawa tena, jambo ambalo dereva yeyote angekuambia.

Ukomo mwingine ni wa kamba yenyewe. Tuliandika r kana kwamba ni fimbo. Kamba inavuta tu, haisukumi, na milinganyo yetu haina macho ya kuona ikilegea, kwa sababu mkazo tuliutupa tangu mwanzo. Kwa mbembeo wa digrii chache hakuna hatari. Lakini kontena likigota ukingo wa meli, au likishushwa juu ya jingine kabla dereva hajapunguza kasi, kamba inalegea na hesabu inaendelea kutoa namba nzuri zisizo na ukweli wowote. Anayeutaka mkazo anaweza kurudi kwa Newton mara moja, baada ya kujua mwendo, na kuuhesabu: ukitoka hasi, mfumo umeshavuka mipaka ya milinganyo.

Na halisi zaidi, dereva haendeshi kigari kwanza akapandisha mzigo baadaye. Hufanya yote mawili pamoja ili kuokoa muda, na r inabadilika safarini. Kamba ikirefuka kwa kasi c, kasi ya mzigo inapata kipande kipya kinachofuata mwelekeo wa kamba. Ukirudia hatua zilezile, vipande vya v vinafutana tena, na mlinganyo wa mzigo unakuwa:

rα + 2cω + a cosθ + g sinθ = 0

Kipande kipya, 2cω, kinafanana kabisa na msuguano. Mzigo ukishushwa, c ni chanya, na mbembeo wa pembe unafifia kama ulioshikwa na msuguano. Ukipandishwa, c ni hasi, na ni kama msuguano wa kinyume: pembe inakua. Ukiupandisha polepole kutoka kamba ya mita 20 hadi ya mita 10 huku ukibembea, pembe inaongezeka kwa takriban theluthi mbili. Umbali wa mbembeo kwa mita unapungua kidogo, kwa kuwa kamba imekuwa fupi, lakini anachokiona dereva kupitia kioo cha sakafu ni pembe, na anaona inazidi kuwa mbaya. Wakati huohuo mbembeo mmoja umeshuka kutoka sekunde 9 hadi 6.3, kwa hiyo hesabu ya sekunde 9 aliyoondoka nayo haimfai tena kusimamia. Ndiyo maana kreni zenye mtambo wa kuzuia mbembeo hupima urefu wa kamba muda wote wa safari, na kuupanga upya muda wa kuchapuka na kusimama kadiri r inavyobadilika.